Kupima Uaminifu wa Marejeleo: Mfano wa Historia ya Pate

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeandika insha kuhusu chimbuko la Waswahili hukumbana na marejeleo yanayokinzana. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi maswali matano yanavyoweza kumwongoza: nani aliandika, nani alikagua, nani alichapisha, lini, na kwa mwegemeo gani.

Tuchukue kitabu cha Kapteni Stigand kuhusu nchi ya Zinji, kilichochapishwa London mwaka wa 1913. Mwandishi alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, si mwanaakiolojia. Kitabu kilitolewa na kampuni ya kibiashara ya Constable, wala hakikupitia ukaguzi wa wanataaluma kama tuujuavyo leo. Je, tukitupe? La hasha. Ndani yake mna historia ya Pate aliyosimuliwa na Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabahani uliotawala huko. Kama ushahidi wa jinsi ukoo huo ulivyoieleza asili yake, kitabu hiki ni cha thamani kubwa. Hata hivyo, ukoo unaotawala hunufaika kwa kujinasibisha na Uarabuni. Mwegemeo huo si uongo. Ni ishara ya mahali panapohitaji shahidi wa pili.

Shahidi huyo alipatikana katika kisiwa kicho hicho. Mwanaakiolojia Mark Horton alianza kuchimba Shanga mwaka wa 1980, na ripoti yake ikachapishwa mwaka wa 1996 na Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo ni asasi ya utafiti. Alionyesha kwamba makazi ya karne ya 8 yalikuwa ya miti na udongo, yenye vyungu vya kienyeji. Stigand hakuweza kuyajua hayo. Hapa tarehe inatuamulia: kuhusu makazi ya mwanzo, tunamfuata Horton.

Je, chanzo kilichokaguliwa na kilicho kipya zaidi ndicho bora daima? Mwaka wa 2023, jarida la Nature, ambalo makala zake hukaguliwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Ulibainisha mchanganyiko wa nasaba za Kiafrika na za Kiasia, hasa za Uajemi. Lakini mifupa iliyopimwa ni ya kuanzia takribani mwaka wa 1250, karne kadhaa baada ya Shanga kuanza. Aidha, vinasaba havitwambii mtu alizungumza lugha gani. Mwanafunzi anayeutumia utafiti huo kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni amekiuka mipaka yake, ingawa chanzo chenyewe ni cha kuaminika.

Kwa hivyo, usiulize tu iwapo chanzo kinaaminika. Andika kwanza dai unalotaka kulithibitisha, kisha ukipitishe chanzo katika maswali yale matano kwa ajili ya dai hilo hilo.