Mkalimani umemwambia nini?

Swali: Naratibu mkutano wa kijiji jirani na Burunge. Mtaalamu mgeni ataeleza kwa Kiingereza habari za tembo wanaokula mazao. Mkalimani nimemtumia barua pepe yenye tarehe na mahali tu. Inatosha?
*Mratibu, Babati*

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Mwandikie tena leo, uanze na wasikilizaji: ni wakulima na wafugaji, wapo wazee wanaoelewa Kigorowa au Kimbulu zaidi kuliko Kiswahili. Huenda ukahitaji mtu wa pili, na hilo lijulikane mapema.

Kisha mweleze kiini cha mkutano. Watu wamepoteza mahindi, wanataka kujua watalipwa nini. Hapa ndipo istilahi zinapoweza kuvuruga kikao. Kwa kanuni za mwaka 2011, Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Mkalimani asiyeambiwa atasema "fidia", na mkulima ataondoka akiamini atalipwa thamani yote ya shamba lake. Andika hivi:

"Tafadhali tumia *kifuta jasho* na *kifuta machozi*, usiseme *fidia*. Naambatanisha hotuba. Maswali yako niyapate Jumatano. Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi."

Kama kuna kipeperushi cha kutafsiri, kipe tarehe yake: rasimu Jumatano mchana, ili Alhamisi ofisa wanyamapori aihakiki kabla ya kuchapwa. Mtaalamu akibadilisha hotuba baada ya hapo, mtumie mkalimani kurasa zilizobadilika usiku huohuo.