Mkutano unapovutwa mbele

*Mama Mshauri, mimi ni katibu wa kamati ya wakulima wa mpunga hapa Kiringye. Jumamosi saa nane mchana tulikuwa na mambo matatu: mbegu, kufagia mfereji na zamu za maji. Muuza mbegu ameahirisha, na siku ya kufagia mfereji imeshakubaliwa. Zimebaki zamu tu, na mwagronomu anataka kurudi Uvira mapema. Naweza kuwaita saa tano asubuhi? Wajumbe ni 12, nao hujibu polepole.*

Papa Katibu, kama ajenda imepungua tu, ningekuambia uache saa nane ilivyo, mmalize mapema. Lakini mgeni mwenye safari ya barabara ya Uvira ni sababu ya kweli, hivyo vuta.

Ila ujue kuvuta mbele si sawa na kuahirisha. Asiyesikia kwamba mkutano umeahirishwa atakuta uwanja mtupu, apoteze saa moja. Asiyesikia kwamba umevutwa atafika saa nane akute zamu zimeshagawanywa. Na akiwa wa mkiani mwa mfereji, ambako maji hufika mwisho, atasema mmemficha makusudi. Kwa hiyo kimya usikihesabu kuwa ndiyo.

Tuma leo Jumatano, kwa ujumbe mmoja mfupi:

*“Mkutano wa Jumamosi unahamia saa 5 asubuhi (11:00), si saa 8 mchana. Mahali ni palepale. Jambo ni moja: zamu za maji. Tutamaliza saa 6 na nusu (12:30). Jibu NAJA au SIWEZI kabla ya kesho saa 12 jioni (18:00). Wasipopatikana 9 wa NAJA, saa 8 inabaki.”*

Saa ya simu ni muhimu kuiandika, maana simu inaonyesha 11:00 na mdomo unasema saa tano. Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya watu wajibu: kila mmoja anajua kitakachotokea akinyamaza. Hiyo 9 ni mfano wangu. Weka idadi ambayo kanuni zenu zinataka ili uamuzi ukubalike.

Kesho saa sita mchana usirudie ujumbe kwa wote. Wapigie wale ambao hawajajibu, ukianza na wa mkiani, na asiye na simu umpelekee mtu. Mwakilishi wa mkiani akisema SIWEZI, hata kama wengine 11 wanakuja, mimi ningerudi saa nane, nikamwomba mwagronomu aache maoni yake kwa maandishi. Zamu zisizo na mtu wa mkiani zitavunjwa usiku kwa jembe.

Baada ya saa kumi na mbili jioni, tangaza saa iliyokubaliwa kwa wote, hata kwa waliokwisha kujibu, na usiiguse tena. Siku yenyewe jihadhari na “mengineyo”. Mtu atainua habari ya mbegu kwa kuwa muda umebaki. Mkatalie, kwani aliyejibu SIWEZI alikubali kukosa zamu tu, hakukubali kukosa mbegu.