Akiba ya ucheleweshaji: sekunde ambazo kiatamizi cha mtoto njiti kinaweza kuvumilia

Kiatamizi cha mtoto njiti hufanya kazi kwa mzunguko wa mrejesho. Kihisi kilichobandikwa tumboni husoma joto la ngozi, kidhibiti hulinganisha kipimo hicho na joto lililopangwa, aghalabu nyuzi 36.5 za Selsiasi, kisha huongeza au kupunguza nguvu ya kipasha joto. Kipimo kikichelewa kufika, kidhibiti hutibu hali iliyokwisha kupita: huendelea kupasha mtoto ambaye tayari amepata joto, kisha huacha apoe kupita kiasi. Swali la fundi wa vifaa tiba, awe Chato au kwingineko, ni hili: mzunguko huu unaweza kuvumilia sekunde ngapi za ucheleweshaji zaidi kabla joto halijaanza kuyumba?

Jibu linahitaji vipimo viwili. Cha kwanza ni marudio ya mvuko, yaani kasi ya myumbo ambao, ukizunguka mzunguko mzima mara moja, hurudi ukiwa na ukubwa uleule ulioanza nao. Cha pili ni akiba ya awamu: pembe inayobaki, kwa kasi hiyohiyo, kabla marekebisho hayajachelewa nusu nzima ya myumbo na kugeuka kuwa msukumo wa kuuendeleza. Ucheleweshaji hula pembe hiyo kwa kadiri ya kasi ya myumbo, hivyo akiba ya ucheleweshaji hupatikana kwa kugawanya:

```
akiba (s) = akiba ya awamu (rad) / marudio ya mvuko (rad/s)
```

Pembe lazima iwe katika radiani. Anayeweka digrii kwenye kanuni hii hupata jibu lililozidi ukweli mara 57, na kosa hilo ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Uchukuliwe mfano wa kukokotoa. Kiatamizi kina marudio ya mvuko ya radiani 0.01 kwa sekunde na akiba ya awamu ya digrii 60. Digrii 60 ni radiani 1.047, zikigawanywa kwa 0.01, jibu ni sekunde 105. Njia ya pili huthibitisha: myumbo mmoja wa kasi hiyo huchukua sekunde 628, na digrii 60 ni sehemu ya sita ya duara. Sehemu ya sita ya 628 ni 105.

Usiku wodi inapoa, na mtoto anachelewa kupata joto. Fundi anazidisha ukali wa kidhibiti mara mbili. Katika kiatamizi hiki, ambacho joto hujilimbikiza polepole na kipasha joto huchelewa kuitikia kwa takribani dakika 1, marudio ya mvuko yanapanda hadi 0.0167 na akiba ya awamu inashuka hadi digrii 46. Digrii 46 bado zinaonekana kutosha. Lakini radiani 0.803 zikigawanywa kwa 0.0167 zinatoa sekunde 48 tu. Akiba ya awamu imepungua kwa chini ya robo, ilhali akiba ya sekunde imepungua zaidi ya nusu, kwa kuwa kigawanyo nacho kimekua. Ndiyo maana akiba ya awamu pekee haitoshi kumhakikishia fundi usalama.

Baadaye mtu mwingine, akichoshwa na kipimo kinachorukaruka, anapanga kifaa kitumie wastani wa vipimo vya dakika 2 zilizopita. Wastani wa namna hiyo huchelewesha kipimo kwa nusu ya muda wake, yaani sekunde 60. Kabla ya ukali kuongezwa, sekunde 60 zingemezwa na zile 105. Sasa zimezidi 48. Mabadiliko mawili, ambayo kila moja peke yake lisingeleta yumbo la kudumu, yanakutana juu ya mtoto mmoja. Ni kweli kwamba wastani hupunguza pia ukubwa wa myumbo kidogo, hivyo hesabu ya sekunde 48 ina tahadhari ndani yake. Hata hivyo, ukikokotoa kwa ukamilifu, mzunguko huu bado unashindwa, kwa kiasi kidogo.

Muuguzi ataona joto likipanda na kushuka kwa mpangilio, kila takribani dakika 7, mawimbi yakikua taratibu. Mpangilio huo ndio unaotofautisha. Kihisi kilichobanduka husoma joto la hewa, na mlango uliofunguliwa huleta mshuko usio na zamu. Kiatamizi kinachowasha na kuzima tu, bila kupima nguvu kidogo kidogo, huyumba kwa asili yake, na kanuni hii haikihusu.

Tiba ya kwanza ni kurudisha ukali wa awali au kufupisha wastani. Wastani wa sekunde 40, kwa mfano, huchelewesha sekunde 20, na zile 48 huzibeba. Jaribio lifanyike kwa mfuko wa maji uliofungwa mahali pa mtoto, kihisi kikiwa kimebandikwa juu yake, na kipimo kiandikwe kila nusu dakika kwa muda usiopungua mawimbi matatu.