Mchumia Juani Hulia Kivulini: Kusoma Methali Bila Kuigeuza Ahadi

Soma dondoo hili kabla ya kuendelea.

*Mama alipanda ndengu Oktoba, mvua ya vuli ilipoanza. Ilinyesha siku tatu, kisha ikakatika majuma matatu. Miche ikachipuka na kunyauka. Majirani waliosubiri mvua ya pili walivuna. Januari shemeji yake alipita akamkuta uani.*

*"Shemeji, wenzako wanaanika ndengu, wewe unaanika mikono? Mchumia juani hulia kivulini."*

*"Shemeji, jua hilo nimelichumia tangu Oktoba. Kivuli ndicho sijakiona."*

Swali: Tathmini ufaafu wa methali iliyotumiwa katika dondoo. (alama 4)

Kwanza tuondoe kosa dogo ambalo hupoteza alama kila mara. "Hulia" hapa inatokana na kula, si kulia machozi. Anayefanya kazi juani hupata chakula chake akiwa kivulini. Wapo watahiniwa wanaoandika kwamba mchumaji ameketi kivulini akilia, na jibu lote likapotea hapo.

Sasa tazama kiambishi *hu-*. Hakitaji wakati maalumu. Kinaeleza mazoea, jambo ambalo kwa kawaida hutokea. Methali haikusema "atalia kivulini". Hata pale methali inapotumia *-ta-*, kama katika "Chelewa chelewa utapata mwana si wako", msemaji anaonya; haweki sahihi kwenye mkataba. Mama wa Mbeere anajua tofauti hiyo bila kufundishwa sarufi: mawingu hujikusanya upande wa Mlima Kenya, Runyenjes wakapata mvua, na Siakago vumbi likabaki vumbi. Aliyesema "Dalili ya mvua ni mawingu" alichagua neno *dalili*.

Kosa kubwa la shemeji, hata hivyo, liko kwingine. Methali inaanza na kazi na kuishia kwenye chakula. Yeye anaanza na chakula kilichokosekana, kisha anarudi nyuma na kuhukumu kazi: huna ndengu, basi hukufanya kazi. Methali haikusema hivyo. Kukosa mavuno kuna sababu nyingi, na dondoo lenyewe linaitaja moja waziwazi: mvua ilikatika. Mtahiniwa anayejibu kwamba "mama alikuwa mvivu kwa sababu methali inasema hivyo" ameacha ushahidi wa dondoo na kumfuata mhusika.

Wanaosoma Dini ya Kikristo wamekwisha kukutana na shemeji huyu. Katika kitabu cha Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari wanashikilia kwamba mateso ni malipo ya uovu. Wanamwona Ayubu akiteseka, wanahitimisha kwamba ametenda maovu. Msomaji ameambiwa tangu sura ya kwanza kwamba si hivyo, na katika sura ya 42 marafiki hao wanakemewa. Ajabu ni kwamba maneno yao mengi yangeweza kukaa vizuri kabisa katika kitabu cha Mithali. Ubaya wake ni kuelekezwa kwa mtu asiyehusika.

Ndiyo maana maandishi ya hekima huweza kubeba kauli zinazokinzana bila aibu. Fungua Mithali 26: aya ya 4 inakataza kumjibu mpumbavu kulingana na upumbavu wake, aya ya 5 inaagiza ajibiwe. Zimewekwa bega kwa bega, na msomaji anaachiwa kupima ni mpumbavu yupi na ni wakati gani. Methali zetu hufanya vivyo hivyo. Siku mvua ya kwanza inaponyesha, jirani mmoja atasema "Haraka haraka haina baraka", mwingine "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Mwaka mvua ikikatika, wa kwanza ataonekana mwenye hekima. Ikiendelea na kwisha mapema, wa pili. Kwa hiyo usiandike kwamba methali moja "ni ya uongo". Andika ni hali gani inayoifaa.

Rudi kwenye swali letu. Jibu zuri lingesema hivi:

*Methali husifu bidii kwa kuonyesha matokeo yake ya kawaida. Haifai hapa kwa sababu mama alifanya kazi. Mavuno yalikosekana kwa kukatika kwa mvua. Shemeji ameitumia kumlaumu asiye na hatia, jambo linaloonyesha kwamba ni mwepesi wa kuhukumu. Jibu la mama linachukua "jua" na "kivuli" vya methali ileile na kumrudishia kwa kejeli.*

Sentensi ya mwisho ndiyo watahiniwa wengi huikosa. Mama hakuikana methali. Aliikubali, akaonyesha sehemu ambayo bado haijamfikia.

Katika insha mambo hubadilika kidogo. Ukiambiwa uandike kisa kinachodhihirisha methali, kisa chako lazima kioane na pande zake zote mbili, kuchuma na kula. Kisa cha mama huyu hakingefaa hapo, kwa kuwa upande wa pili haukutimia.

Zoezi

Liandike upya dondoo, mama awe amengoja mvua ya pili, nayo isije. Chagua methali ambayo shemeji angeitumia, kisha umpe mama jibu.