Jedwali la kulinganisha tafiti

Mkipiga picha makala kwa ajili ya mapitio ya tafiti, msikose ukurasa wa njia ya uchunguzi. Muhtasari pekee hautoshi. Tuchukue tafiti mbili za IRC juu ya vifo Kongo. Zote ziliuliza nyumba kwa nyumba. Ya 2004: sampuli familia 19,500, matokeo, vifo vya ziada milioni 3.9 tangu 1998. Iliyofuata, hadi Aprili 2007: familia 14,000, milioni 5.4. Msijumlishe! Ya pili inahesabu tena miaka ya kwanza. Ongezeni safu wima ya «vifo vya kawaida», maana hesabu ya ziada inategemea kipimo hicho, na wataalamu walikibishania sana. Picha ikikata tarakimu, msikisie, rudieni picha.