Pima mguu jioni, ndipo uchague soksi

Soksi unayoipata kwa mchuuzi wa mitumba Mabwerebwere, au unayomwagiza mtu akununulie Mikumi au Kilosa, ikiwa na namba yoyote, namba hiyo ni ya urefu wa wayo. Thelathini na tisa hadi arobaini na mbili, basi. Haisemi lolote kuhusu mdomo wa soksi, pale penye mpira, na kwa mtu mwenye kisukari au miguu inayovimba hapo ndipo penye shida. Wayo unaweza kuenea vizuri huku mpira umekata mfuo kuzunguka mguu mzima.

Wengi huchagua kwa kuvaa na kusikiliza: ikibana nitajua. Kwa mguu wenye kisukari cha muda mrefu njia hiyo haifai, kwa sababu neva za miguuni huweza kufa ganzi kidogo kidogo bila mwenyewe kugundua. Madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Dkt. Zulfiqarali Abbas aliyefanya kazi kubwa kuhusu vidonda vya miguu vya kisukari nchini, wamewahi kuandika juu ya wagonjwa walioumwa na panya vidoleni wakiwa usingizini, wakaja kuona jeraha asubuhi. Mguu usiosikia meno ya panya hautasikia mpira wa soksi. Kwa hiyo uamuzi tuutoe miguuni tuupeleke kwenye futi ya fundi cherehani. Usipokuwa nayo, uzi na rula ya mwanafunzi vinatosha.

Pima jioni, baada ya shughuli za siku, maana ndipo mguu unapokuwa mnene kuliko wakati wote. Soksi inayokaa vizuri saa moja asubuhi yaweza kuwa pingu ifikapo saa kumi. Kaa kwenye kiti, nyayo zote zikanyage chini, na mwombe mtu akupimie. Ukiinama mwenyewe kipimo kinapotoka. Futi ikumbatie ngozi bila kuiminya.

Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni kifundo: zungusha futi mahali pembamba kabisa, juu kidogo ya ile mifupa inayotokeza pembeni. Cha pili ni shavu la mguu, pale palipotuna zaidi. Cha tatu ndicho wengi hawakipimi, nacho ndicho kinachoamua: ni mzunguko wa mguu pale mdomo wa soksi utakapokaa. Kwa soksi ya urefu wa kawaida hapo ni kama sentimita 18 kutoka sakafuni. Pima miguu yote miwili, uandike namba ya mguu mnene. Kesho yake asubuhi rudia kabla hujatembea, ili ujue mguu wako hubadilika kiasi gani kwa siku.

Kifundo na shavu hukuambia uchague soksi ya urefu gani. Shavu likikizidi kifundo kwa mbali, mguu umetanuka kuelekea juu, na soksi ndefu yenye mdomo laini itateremka na kujikunja. Ikijikunja inageuka kamba. Mtu wa namna hiyo anunue soksi fupi inayoishia juu tu ya kifundo, mahali mguu ulipo karibu sawa juu na chini. Kama kifundo kimevimba kikakaribia unene wa shavu, soksi ya urefu wa kati itatulia. Zile zinazofika gotini siwashauri watu wa kisukari. Hata miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inakataza soksi za kubana na zinazofika gotini.

Sasa ipime soksi. Ilaze bapa mezani, pima upana wa mdomo, kisha zidisha mara mbili: huo ni mzunguko wake ikiwa haijavutwa. Halafu ingiza vidole gumba ndani ya mdomo, uvute pande mbili polepole na usimame pale tu unapoanza kusikia soksi ikikuvuta. Pima upana hapo, zidisha tena mara mbili. Namba hii ya pili ndiyo ya kulinganisha na kipimo chako cha tatu, na mimi hutaka iuzidi mguu wa jioni kwa sentimita 2. Usiivute mpaka mwisho wake. Karibu kila soksi ukiilazimisha itafika, na ndiyo maana huingia mguuni, kisha kazi ya kurudi inaifanya kwenye ngozi yako.

Tuchukue mama mmoja mkulima ambaye miguu yake huvimba, na kisukari anacho. Asubuhi kifundo chake ni sentimita 23 na nusu, jioni 26. Pale kwenye sentimita 18 kutoka sakafuni, jioni ni 30. Wayo una urefu wa sentimita 24 na nusu. Anahitaji mdomo unaofika 32 ukivutwa kwa upole, yaani upana wa 16.

Jozi ya kwanza ni soksi nyeusi mpya, za shule. Mdomo bapa una sentimita 8, ukivutwa kwa upole 12. Mzunguko 24 kwa mguu wa 30. Zinavalika, lakini hazimfai hata kidogo. Jozi ya pili ni za michezo, za mitumba, nene na nyeupe. Mdomo unafika 16 na nusu, sawa na mzunguko wa 33. Hapo angefurahi, ila zilifumwa kwa mguu wa mwanamume mkubwa: kisigino cha soksi kinapanda juu ya kisigino chake, na kitambaa kinachobaki kinajikunja chini ya vidole. Mkunjo ndani ya kiatu hufanya malengelenge, na malengelenge ya mguu wenye ganzi ni mlango wa kidonda. Jozi ya tatu ni za pamba, rangi ya kijivu hafifu, zenye mistari ya kunyumbuka kuanzia kifundoni hadi juu badala ya utepe mmoja wa mpira. Mdomo unafika 17, mzunguko 34, na kutoka kisigino hadi ncha ya vidole ni sentimita 22, nao huo utanyumbuka kuufikia wayo wake. Achukue hizo. Jioni zitakuwa zimeteremka kidogo, na hiyo ndiyo gharama ya soksi isiyobana. Azivute juu aendelee na kazi.

Mistari ile ina maana kubwa. Aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono wa waya, kisha akauzungushia kitambaa, anajua: uzito ni uleule, lakini ukitandazwa haukati. Mpira mwembamba wa sentimita moja hubana ukanda mdogo wa ngozi na kuzuia maji yaliyojaa chini yake yasirudi juu. Nguvu ileile ikigawanywa kwenye sentimita 10 za mfumo laini, ngozi huivumilia. Kwa sababu hiyo usikunje mdomo wa soksi kwa nje: ukikunja umeweka mipira miwili mahali pamoja.

Nyumbani, kabla hujaifua, ijaribu jioni kwa saa mbili, ukikaa na kutembea. Ivue uangalie. Chapa hafifu ya mfumo wa uzi inayofutika baada ya dakika kumi haina neno. Ukipitisha kidole ukakuta mfereji, au pete ikabaki nusu saa nzima, au ngozi ya juu na ya chini ya mdomo ikatofautiana kwa unene, ile soksi mpe kijana. Asiyeona vizuri, na kisukari huharibu macho pia, atumie kiganja au amwombe mjukuu amwangalizie.

Soksi nzuri iliyokaza kidogo tu mdomoni yaweza kuokolewa. Igeuze, tafuta nyuzi za mpira zinazozunguka ndani ya utepe, uzinyofoe moja moja kwa sindano ukipima kila baada ya uzi. Kuikata mdomo kwa mkasi ni kuifumua yote. Mshono wa vidoleni ukiwa mnene, vaa soksi nje-ndani, mshono uangalie kiatu. Chagua rangi hafifu, kwa kuwa tone la damu au usaha huonekana kwenye nyeupe na hupotea kwenye nyeusi. Badili kila siku, na kwa joto la huku anayetokwa na jasho jingi abadili mchana pia.

Na soksi haitoshi kuwa kiatu. Kutembea nayo tupu uani ni sawa na kwenda peku mbele ya mwiba. Kwa wanaoingia shambani na mabuti ya mpira kuna jambo la ziada: mdomo wa buti nao hupiga shavu la mguu. Upime vilevile, na soksi ipite juu ya ukingo wa buti ili ngozi isisuguliwe, hata kama hapo utalazimika kutafuta ndefu kidogo yenye mdomo mpana zaidi, kwa saa za shambani tu.

Ukichambua robota la mitumba jihadhari na soksi ndefu, nzito, ngumu kuvuta, nyingine zikiwa wazi vidoleni au zimeandikwa mmHg. Hizo zimetengenezwa makusudi ili zibane, kwa vipimo vya daktari, na mguu wenye kisukari ambao mishipa yake ya damu imeziba huweza kuumizwa nazo vibaya. Usizivae mpaka mtaalamu amekupima mapigo ya damu miguuni. Kinyume chake, soksi isiyobana haipunguzi uvimbe wowote. Inauacha mguu bila kuuongezea madhara, basi. Sababu ya uvimbe yaweza kuwa moyo, figo, matende, au hata dawa ya presha kama amlodipini, na hilo halitafutwi gulioni.

Daftari lako la vipimo litasaidia hapa. Kifundo ambacho kila jioni kilikuwa 26 kikisoma 28 siku kadhaa mfululizo, nenda nalo zahanati ukaonyeshe. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au ukawa mwekundu na wa moto, au uvimbe ukaja na pumzi fupi, au ukaona kidonda chochote, usisubiri jioni upime. Nenda siku hiyohiyo hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, au hospitali ya wilaya Kilosa, na uwaombe wakuvue soksi zote mbili waiangalie miguu.