Adabu na Uwazi katika Barua ya Nyongeza ya Karo: Mfano wa Kihoto, Naivasha

Utangulizi

Kihoto ni mtaa ulio karibu na Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, na tena mwaka 2025, familia nyingi ziliyahama makao yao. Eneo la Naivasha linategemea sana mashamba ya maua, na vibarua wengi huipata pesa yao mwisho wa mwezi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazikataza shule za umma kutoza ada ya masomo. Kwa hiyo barua inayochambuliwa hapa imetungwa kama ya shule ya kibinafsi. Makala haya yanaonyesha jinsi barua hiyo inavyoweza kuandikwa upya.

Barua ya kwanza

"Wazazi wote mnajulishwa kwamba kutokana na hali ngumu ya uchumi, karo imefanyiwa marekebisho na sasa itakuwa Sh 9,200. Lipeni karo yote siku ya kufungua shule bila kukosa. Mwanafunzi ambaye hatakuwa amelipiwa atarudishwa nyumbani. Tunatumaini mtashirikiana nasi."

Uchambuzi

Kasoro ya kwanza ni kufichwa kwa mtenda. Vitenzi "mnajulishwa" na "imefanyiwa" viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna popote panapotajwa aliyeamua. Mzazi mwenye swali hajui amwendee nani.

Kasoro ya pili ni neno "marekebisho". Kurekebisha ni kukitengeneza kitu chenye dosari. Karo ya zamani haikuwa na dosari, imeongezwa tu. Aidha, kiwango cha zamani, Sh 8,000, hakikutajwa, hivyo msomaji analazimika kupiga hesabu mwenyewe ili ajue kwamba ameongezewa Sh 1,200. Tafsida inafaa pale inapostiri aibu ya msomaji. Hapa inamstiri mwandishi.

Kasoro ya tatu ni amri "Lipeni". Mwanafunzi wa sarufi huenda akapendekeza hali ya dhamira tegemezi: "tunawaomba mlipe". Umbo hilo lina upole zaidi, lakini halitoshi. Siku ya kufungua shule, mwanzoni mwa Januari, huja kabla ya mshahara wa mwezi huo. Ombi lisilotekelezeka hubaki amri hata likivikwa maneno laini. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika nadharia yao ya upole, wanaeleza kwamba msemaji hulinda "uso" wa msikilizaji kwa kumwachia nafasi ya kuchagua. Nafasi hiyo lazima iwepo katika jambo lenyewe ndipo ionekane katika kitenzi.

Barua iliyoandikwa upya

"Kwa Wazazi na Walezi Wapendwa,

MINT: NYONGEZA YA KARO KUANZIA JANUARI

Bodi ya shule imeamua kuongeza karo kutoka Sh 8,000 hadi Sh 9,200 kwa muhula, kuanzia muhula wa kwanza mwaka ujao. Nyongeza hiyo ya Sh 1,200 itatumika hivi: Sh 650 kwa chakula cha mchana, Sh 400 kwa mishahara ya walimu, na Sh 150 kwa maji yanayoletwa kwa lori.

Tunatambua kwamba baadhi yenu mmehama makwenu kwa sababu ya mafuriko, na kwamba nyongeza hii ni mzigo. Kwa hiyo karo inaweza kulipwa kwa awamu tatu: Sh 4,000 mwisho wa Januari, Sh 2,600 mwisho wa Februari na Sh 2,600 mwisho wa Machi. Mzazi ambaye hataweza kufuata mpango huu tunamwomba amwone mwalimu mkuu kabla ya tarehe 15 Januari ili wapatane.

Kiwango cha karo kimekwisha kuamuliwa. Mpango wa malipo bado unaweza kubadilishwa, nao utajadiliwa katika mkutano wa wazazi wa tarehe 29 Novemba."

Mambo mawili yafaa kuangaliwa. Kwanza, barua haiombi radhi. "Samahani" hukiri kosa, ilhali bodi inaamini uamuzi wake ni wa haki. "Tunatambua" hukiri uzito wa mzigo bila kuigiza majuto. Pili, aya ya mwisho inatenganisha lililoamuliwa na linalojadiliwa. Kuwaalika wazazi watoe maoni kuhusu kiwango kilichokwisha kupitishwa kungekuwa adabu ya uongo, na wangeligundua hilo mkutanoni.

Hitimisho

Barua ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na urefu huo umetokana na habari: kiasi cha zamani, matumizi, tarehe na mtu wa kuonwa. Hata hivyo, barua haiwezi kuihalalisha nyongeza isiyo na sababu. Mwandishi akishindwa kuujaza mgawanyo wa zile Sh 1,200, tatizo haliko tena katika lugha, na barua inapaswa kurudishwa kwa bodi kabla haijawafikia wazazi.